Kadi Ina Pesa, Lakini Malipo Yanakataliwa: Fahamu Ukaguzi wa Anwani

Mkaazi wa Nyalenda anayenunua bidhaa mtandaoni kwa kadi hukuta sehemu mbili za kujaza anwani. `Shipping address` ni mahali mzigo utakapofikishwa. `Billing address` ni anwani ya mwenye kadi iliyo kwenye rekodi za benki yake. Zikichanganywa, ununuzi unaweza kukwama hata kama akaunti ina pesa za kutosha.

Muuzaji anapoomba malipo, huambatanisha anwani hiyo ya pili. Benki iliyotoa kadi hulinganisha hasa tarakimu, yaani namba ya nyumba na msimbo wa posta, kisha hurudisha jibu la herufi moja. Kwa kadi za Marekani, Y humaanisha vyote viwili vinalingana, Z msimbo wa posta pekee, A namba ya nyumba pekee, na N hakuna kinacholingana. Benki haimwambii muuzaji anwani sahihi ni ipi.

Chukua mfano wa kijana anayeishi Minneapolis, anayetaka kumnunulia mamake simu ifikishwe Nyalenda. Benki yake ina namba ya nyumba 482 na msimbo 55407. Akijaza "Nyalenda, 40100" katika sehemu zote mbili, jibu litakuwa N, kwa kuwa 40100 ni msimbo wa Kisumu na namba ya nyumba haipo. Anachopaswa kufanya ni kuandika anwani ya Minneapolis kwenye `Billing address`, na ya Nyalenda kwenye `Shipping address` pekee.

Hapa ndipo wengi huingiwa na wasiwasi. Jibu la N peke yake si lazima lizuie malipo. Benki inaweza kuyaidhinisha, kisha muuzaji akaamua kufuta oda. Kiasi hicho huonekana kimezuiliwa kwenye akaunti kwa siku kadhaa kabla ya kuachiliwa. Kila jaribio jipya linaweza kuzuia kiasi kingine, hivyo ni heri kusahihisha anwani kwanza kabla ya kujaribu tena.

Ukaguzi huu hutumika zaidi Marekani, Kanada na Uingereza. Kadi ya benki isiyoshiriki hurudisha jibu kwamba ukaguzi haukuwezekana, na muuzaji ndiye huamua kama atauza. Nyumba nyingi za Nyalenda hazina namba, na barua hupitia sanduku la posta. Kwa hivyo mwenye kadi ya benki ya hapa nchini aandike S.L.P. na msimbo vilivyo kwenye rekodi za benki. Aliyebadilisha sanduku aiarifu benki kwanza.

Ukaguzi huu hautafuti namba ya siri ya kadi. Anayepiga simu akiitaka "ili kuthibitisha anwani" ni tapeli.