Somo la Kujua Lugha Mbili: Kuuza na Kununua Kazi ya Ufasiri na Ukalimani

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mtu anayezungumza lugha mbili si wa kutafutwa mbali. Mkulima wa milimani huzungumza Kimatengo nyumbani na Kiswahili sokoni. Mkazi wa Mbamba Bay au Liuli huweza kuelewana kwa lugha yake na mfanyabiashara aliyevuka ziwa kutoka Malawi au Msumbiji. Kijana aliyesoma sekondari hujua Kiingereza kiasi cha kuongea na mgeni. Wengi wao wamewahi kuombwa kutafsiri barua au kusimama kati ya watu wawili wasioelewana, na mara nyingi malipo yao huwa soda au asante.

Somo hili linaeleza namna ujuzi huo unavyoweza kuwa kazi ya malipo, na namna mtumiaji wa huduma anavyoweza kujua kama amepata kilicho sawa na fedha yake. Tunawahutubia wote wawili, anayeuza na anayenunua, kwa kuwa makosa ya kazi hii hayaonekani kwa macho. Anayeikabidhiwa kwa kawaida ni yule asiyejua mojawapo ya lugha zinazohusika.

Tofautisha kazi unayoiuza

Mfasiri huhamisha maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Anao muda wa kufungua kamusi, kuuliza na kusahihisha. Mkalimani huhamisha mazungumzo papo hapo, naye hutegemea kumbukumbu, usikivu na utulivu. Mtu aweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika nyingine.

Ziko pia kazi mbili za jirani. Ya kwanza ni kufundisha lugha kwa saa, kama vile kumfundisha mgeni Kiswahili. Kazi hii hulipwa kwa kipindi na huhitaji mpango wa masomo. Ya pili ni kuwapokea wageni. Hapa tunatoa tahadhari moja. Anayewatembeza wageni kwa malipo anafanya kazi ya kuongoza watalii, nayo huhitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kujua Kiingereza pekee hakumpi mtu ruhusa hiyo. Sehemu iliyobaki ya somo inahusu ufasiri na ukalimani, kwa kuwa ndizo kazi ambazo neno moja laweza kuhamisha mali ya mtu.

Mfano: mkataba wa kahawa

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha msingi cha wakulima kimeletewa mkataba wa Kiingereza wenye kurasa mbili na maneno 600. Mnunuzi anataka kahawa kilo 5,000, na wakulima wanataka kuelewa kabla ya kutia saini. Wanampa kijana wa kijijini aliyehitimu sekondari. Kesho yake anawarudishia maneno haya: “Bei ni shilingi 8,000 kwa kilo ya kahawa, na malipo yatafanyika ndani ya siku 14.”

Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, lakini imeacha mambo mawili nje.

La kwanza ni aina ya kahawa. Mkulima wa Mbinga huipima kahawa yake ikiwa imemenywa, imeoshwa na kukaushwa, ingali na ganda lake la ndani. Wanunuzi huiita pachimenti. Ikikobolewa, kila kilo 100 hutoa takribani kilo 80 za kahawa safi. Mkataba ulitaja bei ya kilo ya kahawa safi baada ya kukobolewa. Wakulima waliosikia “kahawa” walifikiria ile iliyo ghalani, wakahesabu kilo 5,000 mara shilingi 8,000, wakapata milioni 40. Hesabu ya mkataba ilikuwa kilo 4,000 mara shilingi 8,000, yaani milioni 32. Shilingi milioni 8 zilijificha katika neno moja lisilofafanuliwa.

La pili ni muda. Mkataba ulisema siku 14 za kazi. Siku za kazi hazihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu, hivyo malipo yangechukua karibu wiki tatu. Mzazi aliyepanga kulipa ada ya shule kwa fedha hiyo angekwama.

Kijana huyu hakudanganya mtu. Alijua Kiingereza, ila hakuijua kahawa kwa namna inavyoandikwa katika mikataba. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa anayeanza biashara hii ni kuchagua eneo moja analolifahamu na kulimudu: kahawa, uvuvi, ardhi, au afya. Ajitengenezee daftari la istilahi, akiandika kila neno, maana yake na mfano wa matumizi. Akikutana na neno asilolielewa, alizungushie duara na kumwuliza anayelijua, hapa akiwa mpimaji wa chama au ofisa ushirika. Mfasiri anayeuliza maswali kabla ya kukabidhi kazi anastahili kuaminiwa zaidi kuliko anayekabidhi haraka bila swali.

Namna ya kupanga bei

Kazi ya ufasiri huhesabiwa kwa maneno. Mfasiri mzoefu humaliza kati ya maneno 2,000 na 2,500 kwa siku nzima. Anayeanza hufanya pungufu. Maneno 600 ya mkataba, pamoja na kutafuta istilahi na kusoma upya, yatamchukua takribani nusu siku. Ikiwa amejiwekea lengo la shilingi 60,000 kwa siku, nusu siku ni shilingi 30,000, yaani shilingi 50 kwa neno. Akiongeza shilingi 6,000 za nauli na uchapaji, ankara itakuwa shilingi 36,000. Viwango hivi ni vya mfano tu. Kinachofaa kuigwa ni njia ya kukokotoa.

Pande zote mbili zikubaliane mapema ni maneno ya maandishi yapi yatakayohesabiwa. Neno moja la Kiswahili kama “nitakulipa” huhitaji maneno manne ya Kiingereza, hivyo hesabu ya maandishi ya awali na ya tafsiri hazilingani. Tunashauri kuhesabu maandishi ya awali, kwa sababu yapo tayari na mteja anaweza kujua gharama kabla kazi haijaanza.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni nusu ukurasa. Yataje lugha ya kutoka na ya kwenda, idadi ya maneno, bei, tarehe ya kukabidhi, wajibu wa kusahihisha makosa bila malipo ya ziada, na ahadi ya kutunza siri. Mteja adai risiti.

Mkalimani na anayemlipa

Ukalimani hulipwa kwa saa au kwa nusu siku, na muda wa kusubiri huhesabiwa. Mkalimani mzuri husema kama asemavyo mwenye maneno: mnunuzi akisema “nitalipa Ijumaa,” naye husema “nitalipa Ijumaa.” Hapunguzi, haongezi, wala hatoi ushauri katikati. Asiposikia vizuri, huomba irudiwe.

Swali muhimu kuliko yote kwa mtumiaji ni hili: nani anamlipa mkalimani, na kwa kigezo gani? Dalali anayepata kamisheni biashara ikifungwa ana faida katika jibu lako la ndiyo. Huyo asiwe mkalimani wako, hata kama ni ndugu. Ukalimani ulipwe ujira ule ule, biashara ikifungwa au isifungwe.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa kuna mitego miwili ya pekee. Wa kwanza ni kufanana kwa maneno. Katika Kichewa, ambacho pia huitwa Kinyanja, “kugula” ni kununua na “kugulitsa” ni kuuza. Anayesikia mwanzo wa neno tu hugeuza biashara juu chini. Vilevile “mtengo” humaanisha mti, na pia humaanisha bei. Anayezungumza lugha ya jirani kwa kusikilizia tu asijitangaze kuwa mkalimani.

Mtego wa pili ni saa. Mgeni anayetumia saa za Kiingereza akitaja saa nne ya alasiri, kwetu ni saa kumi jioni. Zaidi ya hayo, Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: ikiwa Mbamba Bay ni saa kumi jioni, Nkhata Bay ni saa tisa alasiri. Mkalimani anayepanga safari au makabidhiano ya dagaa aseme wazi ni saa ya nchi ipi na ya hesabu ipi, kisha wote wawili wairudie.

Namna mtumiaji anavyoweza kukagua

Asiyejua Kiingereza bado anaweza kukagua tafsiri. Weka karatasi mbili sambamba. Kila namba, tarehe na jina lililo upande mmoja lazima lionekane upande wa pili. Hesabu aya na vipengele, vikipungua, uliza. Kisha angalia vipimo: kilo za nini, siku za namna gani, fedha ya nchi ipi. Mwisho, mpe mtu mwingine aliyejitegemea sehemu zenye bei, muda na adhabu, akueleze kwa mdomo alichosoma katika lugha ya awali, bila kumwonesha tafsiri. Maelezo yake yakitofautiana na tafsiri, usitie saini siku hiyo.

Kumbuka pia kwamba tafsiri hukusaidia kuelewa, lakini unayotia saini ni hati nyingine. Omba mkataba useme ni nakala ya lugha ipi itakayofuatwa ukitokea mgogoro. Ikiwa ni ya Kiingereza, kosa la tafsiri halitabadilisha wajibu wako kwa mnunuzi. Madai yako yatabaki kwa mfasiri.

Kwa hati za kupeleka ofisini, kama vyeti, anza kuiuliza ofisi itakayozipokea. Baadhi hutaka tafsiri iliyothibitishwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, hutoa huduma za ufasiri na uthibitishaji. Mfasiri wa mtaani awaambie wateja wake hivyo kabla ya kupokea fedha. Anayejinadi kuwa na idhini asiyokuwa nayo anampotosha mtumiaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Maswali ya kujipima

1. Umeletewa tafsiri inayosema “bei kwa kilo.” Utauliza nini kabla ya kukokotoa mapato yako?
2. Maandishi yana maneno 900, na bei ni shilingi 50 kwa neno la maandishi ya awali. Utalipa kiasi gani, na ni gharama zipi nyingine za kukubaliana mapema?
3. Mkalimani wako ameahidiwa kamisheni na mnunuzi. Utafanya nini?
4. Mfanyabiashara wa Nkhata Bay anasema chombo kitaondoka saa tatu asubuhi kwa saa za kwao, akihesabu kwa Kiswahili. Hapa kwetu itakuwa saa ngapi?