Msimamizi ameuliza, mjibu

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Kibaha, na ninasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu wachoma mkaa wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe. Msimamizi ameniandikia barua pepe: "Vyanzo viwili vya mapitio yako sivipati popote. Je, ulitumia akili unde?" Kweli nilitumia ChatGPT kunyoosha Kiingereza, na pia kunitafutia makala. Naogopa kujibu. Nifanyeje?

JIBU: Isome tena barua yake. Hakulaumu kwa Kiingereza chako. Anaulizia vyanzo viwili, na hapo ndipo penye uzito. Kunyooshewa lugha kunaweza kuruhusiwa, kutegemea kanuni za chuo chako. Kutaja makala ambayo hujaisoma hakuna chuo kinachokubali.

Programu hiyo hutunga maneno yanayoelekea kufuatana. Ukiiomba makala kuhusu mkaa wa Kisarawe, inaweza kukupa mtafiti wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Ndivyo ilivyowakuta mawakili wawili wa New York mwaka 2023. Walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na walipoulizwa wakaendelea kuzitetea. Jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000, akasema wazi kwamba mambo yangekuwa tofauti kama wangekiri mapema. Wewe bado uko kwenye hatua ya kuulizwa.

Kwa hiyo kaa na orodha yako yote ya marejeo, si hivyo viwili tu. Chanzo chenye namba ya DOI, iandike baada ya https://doi.org/ uone kinachofunguka. Isipofungua kitu, au ikifungua makala nyingine kabisa, chanzo hicho kina walakini. Kisicho na namba, nenda kwenye tovuti ya jarida, tafuta juzuu na kurasa ulizotaja. Mara nyingi utakuta kurasa hizo ni za mwandishi mwingine. Ukiipata makala, isome uhakikishe inasema ulichodai inasema. Chanzo kisichokuwepo kifute pamoja na hoja iliyokitegemea.

Lakini usingoje umalize ndipo ujibu. Mwandikie leo: "Ndiyo, nilitumia ChatGPT kunyoosha lugha na kutafuta makala. Vyanzo hivyo viwili sikuvisoma. Nahakiki marejeo yote na nitakuletea orodha. Naambatisha rasimu zangu za awali. Naomba tuonane." Taja na kurasa ulikoitumia programu hiyo.

Usiipitishe sura ya mapitio kwenye programu nyingine ili kuficha alama za akili unde, na usijitetee kwamba vipimo vya kugundua akili unde hukosea. Ni kweli hukosea. OpenAI wenyewe walikiondoa cha kwao Julai 2023 kwa kutokuwa sahihi vya kutosha. Ila msimamizi wako hakutumia kipimo. Alitafuta makala, akazikosa.

Huenda ukaandika upya sura nzima, na huenda chuo kikakupa adhabu. Ipokee. Adhabu ya kukiri leo ni nyepesi kuliko ya kukutwa siku ya kuitetea tasnifu mbele ya watahini.