Kwa Nini Kioo Kinabaki na Michirizi?

Hapa Ziwani vumbi la barabara na moshi wa jiko la makaa haviishi dirishani. Unafuta kioo, kinakauka, halafu michirizi hiyo! Kioo hakina kosa. Michirizi ni sabuni, mafuta au uchafu uliobaki maji yalipokauka. Ndiyo maana tusisafishe jua likipiga kioo: maji hukauka kabla hujafuta.

Changanya kikombe 1 cha siki nyeupe na vikombe 4 vya maji. Mchanganyiko huu hutoa vumbi na alama za maji sawa na dawa ya dukani. Lakini dirisha la jikoni lina mafuta, na kwa mafuta siki ni dhaifu. Hapo dawa ya dukani inashinda. Usipokuwa nayo, osha kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo tu, suuza, ndipo utumie siki. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa hewa ya sumu.

Kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu kinaosha, kingine kikavu kinakausha. Kikavu kikilowa, badilisha, maana sasa kinasambaza uchafu tu. Futa ndani kwa kulala, nje kwa kusimama. Mchirizi ukibaki, utajua uko upande gani.