Ukinunua duka la dawa, gudwili ni shilingi ngapi?

Tuseme umenunua duka la dawa Morogoro kwa shilingi milioni 90, ukakubali kuyabeba madeni yake. Vitabu vya muuzaji vinaonyesha dawa za milioni 40, vifaa vya milioni 12 na wateja wanaodaiwa milioni 10. Wasambazaji wanalidai duka milioni 15. Kwa hesabu hiyo mali halisi ni milioni 47, na wengi huishia hapo: 90 kutoa 47, gudwili ni milioni 43.

Jibu hilo si sahihi, kwa sababu vitabu vya muuzaji havisemi mali ina thamani gani leo. Siku unapokabidhiwa duka, pita rafu kwa rafu. Dawa zilizokaribia kuisha muda zinaishusha shehena hadi milioni 34. Kati ya wadaiwa, wanaoelekea kulipa wana milioni 6 tu. Jenereta iliyokwisha futwa vitabuni bado inanguruma, hivyo vifaa vinapanda hadi milioni 15. Halafu lipo pango la nyuma la milioni 4 ambalo halikuandikwa popote. Hilo nalo ni deni lako sasa.

Kuna pia mkataba wa kuiuzia dawa zahanati ya jirani, ambao mthamini anaupa milioni 8. Muuzaji hakuuandika, lakini wewe unauandika peke yake kwa kuwa unatokana na haki ya kisheria. Uhodari wa wafanyakazi na mazoea ya wapita njia havitengwi hivyo. Hivyo ndivyo vinavyobaki ndani ya gudwili.

Mali sasa ni 34 na 15 na 6 na 8, jumla milioni 63. Toa madeni ya milioni 19, zinabaki 44. Gudwili ni milioni 46. Ukikuta hesabu ambamo gudwili inalingana kabisa na bei kutoa mizania ya muuzaji, shuku kwamba hakuna aliyehesabu rafu.

Ada za mwanasheria na mthamini usizichanganye humo; chini ya IFRS 3 ni gharama za mwaka huo. Kilemba ulichompa mwenye fremu nacho si gudwili: umelipia haki ya kukaa pale. Na bei ikiwa chini ya mali halisi, kagua upya kwanza, maana mara nyingi kuna deni lililosahauliwa. Ukijiridhisha, tofauti hiyo ni faida.

Kampuni zinazofuata IFRS kamili hazipunguzi gudwili kila mwaka, bali huipima angalau mara moja kwa mwaka kuona kama imeshuka. Duka dogo linalotumia kiwango cha IFRS cha biashara ndogo na za kati huigawa kwa miaka isiyozidi 10 pale muda wake usipojulikana kwa uhakika, yaani angalau milioni 4.6 kwa mwaka. Zahanati ikifungwa au duka la dawa la bei nafuu likifunguliwa mkabala, pima mara moja. Thamani ya gudwili ikishushwa, hairudishwi tena, hata wateja wakirejea.