Saa Moja Iliyopotea Kati ya Njiro na Berlin

Tuseme ni Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025. Mteja aliyeko Berlin anataka kuongea kwa video na ofisi ya utalii hapa Njiro, Arusha, kuhusu safari yake ya Serengeti. Anachagua Jumatatu ya tarehe 27, saa nne asubuhi kwa saa za kwao. Mhudumu anatazama simu yake, anaona Berlin wako nyuma yetu kwa saa moja tu, anaandika kwenye mfumo `11:00`. Siku inapofika anakaa mbele ya kompyuta kuanzia saa tano. Mteja kimya. Inapokaribia saa sita anakata tamaa, anatoka kwenda benki. Saa sita kamili mteja anapiga, hakuna wa kupokea.

Wote wawili walifuata saa zao kwa uaminifu. Ila Jumapili ya tarehe 26, katikati ya miadi kuandikwa na miadi kufika, Ujerumani ilirudisha saa nyuma, kama zifanyavyo nchi nyingi za Ulaya kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tofauti yetu nao ikawa saa mbili. Tanzania haisogezi saa, na ndiyo sababu kosa hili hutupata kirahisi: tunadhani tofauti iliyopo leo itakuwepo na kesho.

Dawa yake ni kuhifadhi kila miadi kwa saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, ambayo haisogezwi kiangazi wala masika. Sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Kubadilisha kwenda saa za Arusha au za Berlin kunafanyika pale tu mtu anapotaka kusoma. Kwa Mswahili jambo hili si geni. Mshale mfupi ukisimama kwenye 12 mchana, tunasema saa sita, na hakuna anayeizungusha saa ya ukutani ili ifanane na maneno yake. Saa inabaki ilivyo, kinachobadilika ni usomaji.

Tahadhari iko kwenye kuingiza. Usitoe saa kwa kichwa, na usiandike tofauti ya leo kama `+02:00` kwa miadi ya wiki mbili zijazo. Ipe kompyuta saa aliyoitaja mteja pamoja na jina la eneo lake, nayo itatafuta kanuni ya tarehe ile yenyewe. Kwenye PostgreSQL, ambako safu ya muda inapaswa kuwa ya aina ya `timestamptz`, inakuwa hivi:

```sql
SET TIME ZONE 'UTC';

SELECT timestamp '2025-10-27 10:00'
       AT TIME ZONE 'Europe/Berlin';
-- 2025-10-27 09:00:00+00

SELECT timestamptz '2025-10-27 09:00+00'
       AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam';
-- 2025-10-27 12:00:00
```

Kinachohifadhiwa ni ile `09:00`. Mhudumu wa Njiro anaonyeshwa `12:00`, mteja anaonyeshwa `10:00`, na wote wanakutana.

Kama mfumo wako tayari unakosea, pima ukubwa wa kosa, maana mara nyingi lenyewe linakutajia chanzo. Kosa la saa moja, linalotokea kwa wateja wa Ulaya au Marekani na kwa miezi fulani tu, ni la kusogezwa kwa saa. Kosa la saa tatu ni letu: kuna mahali umesahau kubadilisha, au umebadilisha mara mbili. La saa sita ni la mtu aliyeambiwa "saa mbili asubuhi" akaandika `02:00` badala ya `08:00`. Ndiyo maana kwenye fomu napendelea mtu achague saa ya tarakimu huku akiona pembeni imeandikwa "saa mbili asubuhi".

Kosa la siku nzima lina hila zaidi. Ukihifadhi tarehe ya kuwasili, 12 Juni, kama usiku wa manane wa Arusha, kwa saa ya dunia inakuwa 11 Juni saa `21:00`, na ripoti inayosoma tarehe peke yake itamleta mgeni siku moja kabla. Tarehe isiyo na saa, kama ya kuzaliwa au ya mwisho wa pasipoti, ihifadhiwe kama `date` na isibadilishwe kabisa.

Lakini kwa miadi ya mbele sana, saa ya dunia peke yake haitoshi. Misri ilikuwa imeacha kusogeza saa kwa miaka kadhaa, kisha ikaanza tena Aprili 2023. Aliyekuwa amekwisha hifadhi miadi ya Kairo ya Mei kwa UTC tu, kwa kanuni ya zamani, ilimponyoka kwa saa moja. Kwa hiyo kando ya UTC weka safu mbili: saa aliyoitaja mteja, na jina la eneo lake, kama `Africa/Cairo`. Kanuni ikibadilika, unasasisha orodha ya maeneo ya saa kwenye seva, kisha unakokotoa UTC upya kutoka kwenye safu hizo. Na kwa kikao cha kila Jumatatu saa nne ya Berlin, kokotoa kila Jumatatu peke yake. Ukiongeza siku saba juu ya UTC ya kwanza, Oktoba itakukuta tena.