Fimbo Iliyompiga Mke Mwenza

Hapa Kigali utawasikia Wanyarwanda wakisema: "Inkoni ikubise mukeba uyirenza urugo." Neno kwa neno: fimbo iliyompiga mke mwenzio, unaivusha nje ya ua. Inkoni ni fimbo, urugo ni ua wa nyumba. Mukeba ni mke mwenza, na siku hizi ni mpinzani yeyote; hata APR na Rayon Sports huitwa hivyo.

Mgeni wa lugha hudhani methali hii inafurahia kipigo cha mpinzani. Sivyo. Mke anaitupa kwa sababu fimbo ikibaki uani, kesho itamgeukia yeye.

Kwa Kiswahili naiweka karibu na "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Zote zinasema lililomfika mwenzako litakufika. Ila ya Kiswahili inakutaka ujiandae, kwani wembe unakuja. Ya Kinyarwanda inakutaka uiondoe silaha.

Mfano: mpangaji mwenzenu, msiyepatana naye, ametolewa chumbani kwa kuchelewesha kodi siku mbili. Ukikimbilia kulipa yako, umetia maji. Ukimwendea mwenye nyumba alegeze sharti hilo kwa wote, umeivusha fimbo nje ya ua.