Jua Haki Zako: Barua ya Msimamizi Sura ya Tasnifu Inapotiliwa Shaka

Mtahiniwa wa shahada ya juu nchini Kenya ambaye sura moja ya tasnifu yake imetiwa alama na kitambuzi, yaani programu inayokadiria kama maandishi yametungwa na akili mnemba, hana wajibu wa kungoja hukumu kimyakimya. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia halali, ya haki na isiyokawia katika maamuzi ya kiutawala. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kutekeleza kifungu hicho inamtaka mwenye kuamua atoe taarifa ya tuhuma mapema, amsikilize mhusika kabla ya kuamua, na amwonyeshe ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kwa hiyo ombi la kwanza la maandishi ni nakala ya ripoti nzima ya kitambuzi, pamoja na sentensi zilizotiwa rangi, kwa kuwa asilimia peke yake haijibiki.

Asilimia hiyo si kipimo cha wizi wa maandishi. Ripoti ya mfanano huonyesha chanzo ambacho maneno yanalingana nacho, ilhali kitambuzi hakina chanzo cha kuonyesha, bali hukisia kutokana na jinsi mfuatano wa maneno unavyotabirika. Ndiyo sababu sura ya mbinu za utafiti, ambayo desturi ya taaluma imeifunga kwa fomula zilezile za sampuli, hojaji na uchanganuzi, hutiliwa shaka kwa urahisi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa vitambuzi kadhaa viliziita insha nyingi za watu wasio na Kiingereza kama lugha ya kwanza kuwa kazi ya mashine. Kampuni ya Turnitin yenyewe huwatahadharisha watumiaji kwamba alama ya kitambuzi chake isiwe msingi pekee wa kumchukulia mwanafunzi hatua.

Hapo ndipo barua ya msimamizi inapopata uzito, mradi iandikwe kama ushahidi wala si kama sifa. Barua nyingi huharibika kwa kusema kwamba mtahiniwa ni mwaminifu na mchapakazi, maneno ambayo kamati inaweza kuyakubali yote na bado ikamtia hatiani. Linalotakiwa ni yale ambayo msimamizi aliyaona mwenyewe. Chukuliwe mfano wa mtahiniwa ambaye Sura yake ya Tatu imepewa asilimia 62. Aya ya msingi ya barua inaweza kusomeka hivi:

“Msimamizi aliyetia saini hapa chini alipokea rasimu ya kwanza ya Sura ya Tatu tarehe 14 Februari, akairudisha tarehe 3 Machi ikiwa na maoni yake pembeni, na kumtaka mtahiniwa abadilishe namna ya kuchagua sampuli. Rasimu ya pili, iliyopokewa tarehe 28 Machi, ilifanya badiliko hilo na kueleza sababu zake, ambazo mtahiniwa alizitetea kwa mdomo katika kikao cha tarehe 4 Aprili. Rasimu zote mbili na baruapepe zilizozisafirisha zimeambatishwa.”

Kila sentensi hapo inaweza kukaguliwa. Historia ya matoleo ya faili, inayohifadhiwa na programu ya kuandikia na kuonyesha sura ikikua siku baada ya siku, huambatishwa na mtahiniwa. Msimamizi aseme pia asichokijua: hakuwapo mtahiniwa alipokuwa akiandika, na ikiwa anafahamu kwamba programu ya kusahihisha sarufi ilitumika, ni heri jambo hilo alitaje yeye kuliko kamati iligundue. Msimamizi ambaye hakuona rasimu yoyote hadi siku ya kuwasilishwa hana ushahidi wa kutoa, na barua yake itadhuru zaidi kuliko kusaidia. Njia iliyobaki hapo ni kuomba mahojiano ya ana kwa ana kuhusu sura hiyo, mbele ya watahini.

Barua ipelekwe kabla ya kikao, na mtahiniwa adai risiti ya kupokewa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamkinga mtu dhidi ya uamuzi mzito uliotegemea mashine pekee, ingawa kinga hiyo ina mipaka, nayo hupungua nguvu pale watu wanapokuwa wameupima ushahidi wenyewe. Hivyo kumbukumbu za kikao zikionyesha kwamba barua haikusomwa, hilo ni jambo la kuandikwa katika rufaa. Kwa kawaida Mahakama Kuu haipokei shauri kabla ya rufaa za ndani ya chuo kumalizwa, na hata ikilipokea huangalia hasa kama utaratibu ulifuatwa, huku swali la nani aliandika sura likirudishwa chuoni.